Pampu Tatu na Uwanja wa Matofali wa Masumbwe

Shida zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili. Tulimzika baba siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa ng'ombe wake walikuwa wameshagawanwa na watu ambao alipokuwa anaumwa hawakuleta hata kibuyu cha maziwa. Niliacha shule darasa la tatu. Najua kusoma, kuandika na kuzidisha, na mengine niliyoyakosa sijawahi kuona yakimsaidia mtu kufungua nati iliyoshika kutu.

Nilikwenda Shinyanga mjini nikawa naosha vipuri kwa fundi mmoja wa matrekta. Miaka minne nilikuwa nanuka dizeli mpaka chakula kilikuwa na ladha ya dizeli. Pampu ya haidroliki ikifa, fundi aliitupa nyuma ya ukuta. Mimi niliifuata kule, nikaifungua, nikaangalia imekufa kwa nini. Huko nyuma ya ukuta ndiko nilikosomea. Wengine wamesomea kwenye majengo yenye feni, nao wakija karakana kwangu Kambarage wananiuliza, "Mzee, hii inaitwaje?" Inaitwa spana, mwanangu.

Pampu za haidroliki ninazozijua ni za aina tatu, na nitazieleza mara moja tu kwa sababu bila hizo hadithi hii haina maana.

Ya giya ina giya mbili ambazo meno yake yanasukumana ndani ya nyumba ya chuma. Oili inaingia upande mmoja, inabebwa kwenye meno, inatokea upande wa pili. Ni rahisi, ina kelele, na huvumilia uchafu kuliko wenzake. Ya vibamba, ambayo wauzaji wanaiita ya vani, ina vibamba vidogo vinavyochomoza vikizungushwa na kukwangua ukuta wa ndani. Hiyo ni tulivu, inaenda kama paka, lakini vumbi likiingia vibamba vinakwama. Ya pistoni ndiyo bwana mkubwa: inabeba mgandamizo kuliko zote na inapoteza nguvu kidogo kuliko zote, na kwa bei yake mpya nanunua za giya nne na nauli inabaki. Lakini ndani yake vyuma vimekaribiana mno, hata unywele haupiti. Mpe oili chafu, atakufa kama mtoto wa tajiri aliyekunywa maji ya dimbwi.

Sasa nije kwa mama wa Masumbwe.

Alikuja karakana kwangu asubuhi, amefunga kanga ya msiba ambayo ilikuwa imeanza kupauka. Alipiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake waliolelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Karibu, kaa kwenye hicho kiti, siyo hicho, hicho kina grisi."

Mumewe alikuwa na uwanja wa kufyatua matofali Masumbwe, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mume alikufa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akasema uwanja urudi kwenye ukoo kwa sababu mwanamke hawezi kuendesha kazi ya mashine. Wazee wa ukoo walikaa, wakazungumza, wakaamua hivi: mama apewe hadi kikao kijacho. Siku ya kikao, ikiwa uwanja una mashine ya haidroliki ya kugandamiza matofali ya kufungana, na inafanya kazi, uwanja ni wake na watoto wake. Ikiwa mashine imesimama, shemeji anachukua.

"Kikao ni lini?"

"Wiki saba zimebaki, baba."

"Na shemeji yako anajua nini kuhusu mashine?"

"Ana duara mbili, mashimo ya dhahabu."

Nilicheka. Nchi hii ya dhahabu ina ugonjwa wake. Mtu akichimba shimo na kupata gramu chache, kesho yake anajua siasa, anajua dawa, anajua mashine. Shimo lenyewe analichimbiwa na wengine.

Nilianza kazi. Fremu niliichomelea mwenyewe kwa vyuma vya reli. Nikachagua silinda yenye kipenyo cha milimita mia na ishirini na tano. Ukiipa oili yenye mgandamizo wa bar mia na hamsini, inasukuma kwa uzito wa tani kumi na nane hivi, na hiyo inatosha kabisa kulibana tofali moja la udongo na saruji kidogo. Injini alikuwa nayo tayari, ya dizeli, silinda moja, farasi kumi na nane, aliyoiacha marehemu. Kilichobaki kilikuwa pampu. Niliagiza ya giya yenye ukubwa wa sentimita za ujazo ishirini na tano kwa mzunguko. Injini ile inaiweza, na pampu yenyewe imetengenezwa kubeba bar mia mbili bila kulalamika. Unainunua Mwanza, na ikifa unaipata tena kesho yake hata Kahama.

Nilipeleka mashine Masumbwe kwenye lori. Tulipofika uwanjani, shemeji alikuwa amekaa juu ya rundo la mchanga kama mwenye nyumba. Pembeni yake, juu ya gunia, kulikuwa na pampu kubwa kama kichwa cha ndama.

"Mzee shikamoo."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Pampu ya pistoni. Imetoka kwenye eskaveta ya mgodini. Bar mia tatu na hamsini!" Alilisema neno hilo kama mtu anayetaja idadi ya wake zake. "Wewe umeleta ya bar ngapi?"

"Mbili. Mia mbili."

"Umeona?" Akamgeukia mama. "Fundi wako anakuletea nusu ya pampu."

Hapo ndipo lilipo kosa la watu wa ukanda huu. Kitu chochote kilichotoka mgodini kwao ni kizuri. Buti za mgodini, helmeti za mgodini, hata chupa tupu za maji za mgodini wanazipanga dirishani. Hawajiulizi kwa nini mgodi umekitupa.

Nilimwambia, "Sikiliza. Mashine hii inahitaji bar mia na hamsini. Ukiniletea ng'ombe wa kukokota mikokoteni kumi nami nina mkokoteni mmoja, nimefaidi nini? Nitamlisha bure."

"Inaokoa mafuta. Ya pistoni haipotezi nguvu."

Hilo alikuwa amelisikia mahali, na lilikuwa kweli, ndiyo maana nilikasirika zaidi. Pampu ya pistoni nzima, yenye oili safi, inageuza karibu nguvu yote ya injini kuwa msukumo. Ya giya inakula kidogo njiani. Ungekuwa unagandamiza kutwa nzima bila kupumzika, ungeona faida kwenye dizeli, na mwishowe ungerudisha bei. Lakini mashine ya matofali inagandamiza sekunde chache tu. Muda mwingine wote watu wanajaza udongo, wanatoa tofali, wanafuta kamasi, na oili inazunguka kwenda kwenye tanki bila kazi. Utaokoa nini? Kijiko cha dizeli.

Mtu wa tatu alikuwa binti mhandisi kutoka duka la vipuri la Mwanza, aliyeletwa na lori lilelile kwa sababu alikuwa anakwenda Ushirombo kwa mteja mwingine. Alikuwa na buti safi, jambo ambalo sikulipenda. Aliniamkia vizuri, akaangalia upande wa pili wa ukuta, kulikokuwa na zahanati.

"Baba, ya giya itapiga kelele. Hapa kuna wagonjwa. Mngechukua ya vani, bei ni kama mara mbili ya giya tu, na kwa bar mia na hamsini inafika."

"Inafika ikiwa imesimama kwenye vidole vya miguu," nikamwambia. "Ile uliyonionyesha mwisho wake ni mia na sabini na tano. Na vumbi la karasha? Unaliona lile? Vibamba vyako vitakwama kabla ya Krismasi."

"Wakifunika tanki vizuri na kuweka filta hawatapata shida."

"Watu hawa, mwanangu? Hawa wanajaza oili kwa ndoo waliyooshea miguu."

Yule binti alicheka. Shemeji hakucheka. Alisimama akajipangusa mchanga makalioni.

"Uwanja ni wa kaka yangu. Itafungwa hii." Akaipiga teke ile pampu ya mgodini, taratibu, ili asiumie kidole. "Mtu wangu wa duara ataifunga. Mzee akitaka kuangalia aangalie."

Mama alinitazama. Nilimwona anavyohesabu: akimkatalia shemeji leo, atapelekwa kwenye kikao kama mwanamke asiyesikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, wajaribu siku tatu. Ikishindikana nitakupigia."

Nilifungasha spana zangu. Nikapanda lori kurudi Shinyanga. Nilimdharau shemeji, nilimdharau fundi wake wa shimoni, nikamdharau na mama kidogo, na hilo la mwisho sijivunii.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Baba, imetapika."

Nilikuta oili imemwagika mita nne kuzunguka mashine. Matofali machache waliyofyatua yalikuwa meusi kama yamechomwa. Fundi wa shemeji, jamaa mmoja mwenye kofia ya mgodini, alikuwa anaifuta pampu kwa fulana yake.

"Ilikuwa inafanyaje?" nikauliza.

"Ukivuta mkono wa valvu, injini inazima. Moshi mweusi."

"Lazima izime. Pampu hiyo kwenye eskaveta inazungushwa na injini ya farasi zaidi ya mia. Umeifunga kwenye punda."

"Halafu ilikuwa inavuja, mzee. Tulipoipata ina tundu dogo pembeni, oili inachuruzika tu. Mimi nikaziba. Bolti na tepu, likaziba vizuri kabisa. Baada ya hapo ikatapikia huku mbele kwenye shafti."

Nilikaa chini.

"Rudia. Uliziba nini?"

"Tundu."

Ndugu zangu mnaosoma, tundu lile ndilo lililotengenezwa na kiwanda. Pampu ya pistoni inavujisha oili kidogo ndani ya tumbo lake, makusudi, kulainisha vyuma vyake. Oili ile inatakiwa itoke kwa mpira wake wa pekee irudi kwenye tanki bila kuzuiwa. Ukiziba, inajaa tumboni, inasukuma, na mahali dhaifu kuliko pote ni sili ya shafti, ule mpira unaozuia oili isitoke. Inalipuka. Ni sawa na mtu amshone mwenzake mahali pa kujisaidia kisha ashangae anaumwa tumbo.

"Umesoma wapi ufundi?" nikamuuliza.

"Kazini, mzee."

"Hata mimi. Lakini mimi nilikuwa naangalia."

Niliifungua hapohapo juu ya turubai. Vile viatu vya shaba vilivyo miguuni mwa pistoni vilikuwa na mikwaruzo mirefu. Nilipitisha kidole ndani, kikatoka na unga wa mawe. Pampu ilikuwa imekaa kwenye banda la karasha miezi, midomo wazi, inavuta vumbi la dhahabu ya watu wengine. Hata wasingeziba lile tundu, ingekufa mwezi huohuo. Shemeji aliangalia unga kwenye kidole changu, akasema ana miadi, akapanda pikipiki.

Kikao kilikuwa kimebakiza siku kumi na moja.

Nilifunga ya giya. Niliosha tanki kwa dizeli mara mbili, nikaweka oili mpya, filta kwenye njia ya kurudi, na kwa kuwa ninajua lile vumbi, nikaweka chujio kwenye mdomo wa kuvuta, kisha juu yake nikazungushia kitambaa. Nilijiona nina akili. Tukawasha injini.

Pampu ilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye kazi yangu mwenyewe. Kama changarawe zimo ndani. Silinda ilipanda kwa kusitasita, na tofali likatoka laini kama ugali. Muuguzi wa zahanati akachungulia juu ya ukuta. Na huyo shemeji, ambaye miadi yake ilikuwa imekwisha mapema, akasimama getini.

"Nusu ya pampu!" akapiga kelele. "Inalia hiyo, mzee! Mnyonyeshe!"

Watu wa karasha wakacheka. Nikazima injini. Niliangalia kapling inayounganisha injini na pampu, iko sawa. Nikaangalia mzunguko, sawa. Mama alichukua lile tofali laini akalirudisha kwenye rundo la udongo, na hilo lilinichoma kuliko mdomo wa shemeji.

Nilikwenda nyuma ya lori la mchanga nikampigia yule binti mhandisi. Nitakiri hivyo, kwa sababu kitabu hiki ni changu na siyo cha kujipamba.

"Pampu inalia kama ina mawe," nikamwambia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Inalia."

"Mpira wa kuvuta oili kutoka kwenye tanki una upana gani ndani?"

"Robo tatu ya inchi. Ulikuwepo."

"Na chujio?"

"Lipo. Nimelizungushia kitambaa, kwa ajili ya vumbi."

Akakohoa kidogo. Nadhani alikuwa anajizuia kucheka.

"Baba, pampu ina kiu. Inavuta kama mtu anayenywa uji kwa mrija wa peni. Oili haifiki, yanatokea mapovu matupu ndani, yanapasuka, ndiyo hizo changarawe. Ikiendelea italiwa meno. Toa kitambaa. Weka mpira wa inchi na robo, mfupi, na tanki liwe juu ya pampu. Vumbi lizuie kwenye mfuniko na kwenye filta ya kurudi, siyo mdomoni."

"Nilikuwa nataka kufanya hivyohivyo," nikasema.

"Najua, baba."

Alikuwa ananistahi tu, maana mimi sikujua. Nilimaliza miaka arobaini nikiwacheka watu waliomnyima pampu oili safi, nami nikamfunga kitambaa mdomoni. Hata hivyo nasema tena: vibamba vya yule binti visingedumu pale.

Mpira wa inchi na robo niliupata Kahama. Siku iliyofuata niliinua tanki juu ya stendi, nikachomelea mfuniko wenye bawaba na kufuli, na ufunguo nikampa mama peke yake. Kisha nikawasha. Pampu ikanguruma. Ina kelele, nimeshasema, lakini ilikuwa kelele ya afya. Geji ikapanda hadi mia na hamsini ikasimama. Valvu ya kuachia mgandamizo nilikuwa nimeiweka bar mia na sabini, isizidi hapo hata mtu akilala juu ya mkono. Tofali likatoka na pembe kali kama kabati. Kuhusu zahanati, tuligeuza mashine injini ikaelekea kwenye shamba la pamba, na mama akaweka ukuta wa matofali yake ya kwanza katikati. Muuguzi hakuchungulia tena.

Nilimfundisha mama mwenyewe. Kuangalia oili asubuhi. Kuacha injini izunguke kidogo kabla ya kazi. Kusikiliza. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wanaume wote niliowafundisha, maana hakuniambia hata mara moja kwamba anajua.

Siku ya kikao walikuja wazee sita, wakaketi kwenye mabenchi ya kanisani. Mkubwa wao alikuwa baba mdogo wa marehemu, mzee mrefu asiye na meno ya mbele. Shemeji alivaa koti.

"Imefanya kazi leo kwa sababu fundi yupo," akaanza. "Fundi akiondoka?"

"Basi fundi akae," yule mzee akasema. "Mama wa watoto ndiye aendeshe."

Mama akawasha. Akavuta mkono, akashusha, akatoa tofali, akaweka pembeni, akarudia. Wazee waliongea habari za mvua, wakanywa soda, yeye anafyatua. Yapata saa mbili zikapita. Shemeji alikuwa anazunguka mashine kama fisi kwenye zizi. Alijua jambo moja, kila anayekaa karibu na mashine analijua: pampu ikiwa mbovu au imezidiwa, oili inachemka, na ukiweka kiganja kwenye tanki unakitoa upesi.

"Wazee," akasema, "njooni muone inavyoungua."

Akaweka kiganja kwenye tanki.

Tukasubiri. Sura yake ilikuwa imeshajiandaa kuumia. Mkono ukabaki palepale. Akausogeza upande mwingine wa tanki, ukabaki vilevile. Lilikuwa na joto la maji ya kumwogesha mtoto.

"Toa mkono basi," yule mzee mrefu akamwambia. "Au unaumwa baridi?"

Mabenchi yote yalicheka. Mzee akanyanyuka, akachukua tofali moja kutoka kwenye yale ya wiki iliyopita yaliyokuwa yamefunikwa, akaliinua hadi kifuani, akaliachia kwenye ardhi ngumu. Lilidunda, likalala ubavu, zima. Akaliokota, akampa mama kwa mikono miwili, akasema uwanja ni wako na wa wajukuu zetu, na lisirudiwe tena neno hili. Shemeji hakuaga.

Kutoka hapo watu wa Mbogwe, wilaya yenye Masumbwe, walianza kunitafuta. Wengi walifika wakitaka ya pistoni. Mmoja tu nilimfungia, mwenye mashine ya kubana vyuma chakavu kutwa nzima kwa bar mia mbili na themanini, ndani ya jengo lililofungwa, na ana mtu wa kubadilisha filta. Yule alistahili. Waliobaki niliwaambia waende wakamnunulie mke kitu kwa hela iliyozidi.

Leo nina hivi. Karakana Kambarage, kiwanja changu, hati jina langu. Mashine moja ya kukerezea vyuma, ya zamani, inafanya kazi. Mashine mbili za kuchomelea. Jenereta. Nyumba ya vyumba vitano iliyojengwa kwa matofali ya kufungana. Ng'ombe kumi na wanne. Ekari nane za mpunga na tatu za pamba. Pikipiki. Mashine tisa za matofali zinazofanya kazi Mbogwe na Bukombe, zote ni za wateja, na zote nimezifunga kwa mpira wa kuvuta wa inchi na robo.